Acheni Kuloweka Leso Kwenye Chumvi

Swali ni lile lile, na wanaoliuliza si watu wavivu wa kufikiri. Ni mafundi wa Ukunda waliosomea ushonaji, ni vikundi vya kina mama wa Tiwi na Msambweni, ni vijana wa Diani waliopata oda yao ya kwanza ya sare za hoteli. "Mwalimu, nitie chumvi kiasi gani ili leso isichuje?" Wengine wanataka kujua kama siki inashinda chumvi, na wengine kama vyote viwili vichanganywe. Nimewahi kuulizwa pia iwapo chumvi ya mawe ina nguvu kuliko ya pakiti.

Hakuna kiasi. Tia kijiko au tia gunia, leso inayochuja itaendelea kuchuja. Nimelijibu swali hili mara nyingi kwa mdomo, na kila nikilijibu naona msikilizaji anatikisa kichwa kwa heshima, kisha anarudi nyumbani kuloweka leso kwenye chumvi. Basi leo nitalijibu kwa maandishi, kwa urefu, kwa sababu imani hii ndiyo inayoua biashara ndogo za nguo huku Pwani ya Kusini kabla hazijafika oda ya pili. Mtaji, cherehani na soko la wageni, mambo ambayo watu hupenda kuyajadili warshani, yanakuja baada ya hili. Mteja anaweza kukusamehe ukichelewa wiki moja. Ukimharibia shati jeupe hakusamehi.

Tuanze na kwa nini imani yenyewe ina nguvu, maana haikuzuka bure. Chumvi kweli hutumika katika kutia rangi pamba. Aliyewahi kutengeneza batiki anajua: rangi inayeyushwa majini, kitambaa kinazamishwa, chumvi inatiwa, tena nyingi, gramu hamsini au zaidi kwa kila lita ikiwa rangi inayotakiwa ni nzito. Aliyeona hayo akatoka na somo kwamba chumvi ndiyo inayoshikisha rangi. Lakini aliona nusu ya kazi tu.

Pamba ikiwa majini hubeba chaji hasi kidogo. Rangi za pamba nazo, zile zinazoyeyuka majini, zina chaji hasi. Hasi na hasi husukumana, kwa hiyo rangi ikiachwa peke yake hubaki ikielea kwenye maji. Chumvi hupunguza msukumano huo. Rangi inakaribia uzi, inaingia ndani yake, inatua. Kazi ya chumvi inaishia hapo: imeisogeza rangi karibu, haijaifunga. Anayefunga ni magadi ya kiwandani, soda ileile inayovunwa Ziwa Magadi huko Kajiado. Magadi yakitiwa, maji yanakuwa makali, na hapo ndipo rangi ya aina inayojifunga na pamba inashikana na uzi kikemia. Baada ya hapo hata ukiichemsha haitoki.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo karibu kila mtu anairuka. Magadi yanapoanza kufanya kazi, si rangi yote inayojifunga na pamba. Sehemu yake hujifunga na maji yenyewe. Si sehemu ndogo, mara nyingi ni moja ya tano hadi theluthi ya rangi yote iliyotiwa. Rangi iliyojifunga na maji imekwisha kazi yake. Haiwezi tena kujifunga na pamba, leo wala kesho, kwa chumvi wala kwa magadi mapya. Lakini bado ni nyekundu, bado ni nyeusi, na bado imo ndani ya kitambaa, imelala tu pale bila kufungwa. Ndiyo hiyo inayotoka kwenye beseni lako.

Kiwanda makini huiondoa kabla kitambaa hakijatoka mlangoni. Huosha kwa maji yanayokaribia kuchemka, mara kadhaa, kwa sabuni, mpaka maji yawe safi. Kazi hiyo inakula maji, inakula moto na inakula muda, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupunguzwa mtu anapotaka kuuza bei ya chini. Leso nyingi tunazonunua Barabara ya Biashara, Mombasa, zimechapwa India, na muuzaji wa dukani hana namna ya kujua zilioshwa mara ngapi huko zilikotoka. Msimlaumu. Lakini msimwamini pia anaposema "hii haichuji", kwa sababu hajui.

Basi unapoichukua leso ya namna hiyo ukailoweka kwenye maji ya chumvi, unafanya nini? Unarudia kilekile kilichofanyika kwenye pipa la kutilia rangi. Chumvi inaisukuma ile rangi mfu irudi kwenye uzi na kuituliza humo. Maji yako yanabaki meupe, unafurahi, unaanika, unakata, unashona. Kisha mteja anafua kwa maji matupu na sabuni. Chumvi imekwenda, kilichokuwa kimeizuia rangi hakipo, na rangi yote inatoka siku hiyo, kwenye beseni la mteja, pamoja na mashati yake. Chumvi imekuhifadhia uchafu uliopaswa kuutupa, na tena imekuficha usiuone.

Asiyeniamini afanye jaribio hili nyumbani, halichukui hata saa mbili. Kata vipande viwili sawa vya leso nyekundu mpya, kila kimoja urefu na upana wa vidole vitatu. Chukua glasi mbili za nusu lita za maji ya mvua yaliyopashwa moto. Ya kwanza iache hivyo. Ya pili tia kijiko cha mezani kilichojaa chumvi, ukoroge mpaka iyeyuke. Tumbukiza vipande, ngoja nusu saa. Glasi ya chumvi itakuwa nyeupe zaidi, na hapo wengi husimama na kusema "si nilikwambia". Usisimame. Kitoe kipande cha chumvi, kisuuze, kitie kwenye glasi ya tatu yenye maji ya moto matupu. Utaona mwenyewe rangi iliyokuwa imefichwa ikishuka.

Kwetu Kwale kuna mtego mwingine juu ya huu. Visima vingi vya Diani, Galu na Tiwi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi unayoionja ulimini. Fundi anayejaribu leso yake kwa maji hayo anaijaribu kwenye maji ambayo tayari yana chumvi na madini ya kuizuia rangi kidogo. Chokaa nayo inaiua sabuni, povu halitoki, uchafu haung'oki. Kitambaa kinafaulu mtihani rahisi. Kisha sare inakwenda kwenye dobi la hoteli ambako maji yanalainishwa ili chokaa isizibe mashine, au mkoba wa zawadi unakwenda Nairobi, Berlin au Muscat, unafuliwa kwa maji laini na sabuni yenye nguvu, na mnunuzi anaambiwa kwa vitendo kile ambacho kisima cha Galu kilimficha mshonaji. Maji ya kujaribia yawe ya mvua, au ya bomba yasiyo na ladha ya chumvi. Ukikosa yote, nunua chupa ya maji ya kunywa. Ni gharama ndogo kuliko shati moja.

Siki sitaipa nafasi kubwa. Maji ya siki husaidia rangi kushika hariri, sufu na nailoni, kwa sababu katika asidi nyuzi hizo hupata chaji chanya na kuivuta rangi. Pamba haina tabia hiyo. Leso ni pamba, kikoi ni pamba, kaniki ni pamba. Siki itakuondolea ukoko wa chokaa kwenye birika, na ni nzuri kwenye kachumbari.

Kuna fundi mmoja wa Ukunda, mkono wake msafi kabisa, aliyepata oda ya mashati 30 ya nyumba ya wageni. Mashati meupe ya kitambaa cha mchanganyiko wa poliesta na pamba, kola na mfuko vya kishutu. Wazo lilikuwa zuri. Kishutu ndicho kitambaa cha sherehe za wenyeji, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na mwenyeji yeyote akiona kola ile anajua yuko wapi. Lakini kwa fundi, kishutu ndiyo leso ngumu kuliko zote, kwa sababu nyekundu na nyeusi nzito zimekaa ubavuni mwa nyeupe kwenye kitambaa kimoja. Ikichuja, hujichafua yenyewe kabla ya kuchafua nguo nyingine.

Akanunua doti mbili, yaani leso nne, zilizomtosha kola na mifuko yote. Akaziloweka usiku kucha kwenye maji ya kisima na vigao viwili vya chumvi. Asubuhi maji yalikuwa safi. Akakata, akashona, akapiga pasi, akapeleka. Dobi la nyumba ile likafua mashati yote pamoja kwa maji ya nyuzijoto 60. Yalitoka na michirizi ya waridi kutoka kola mpaka kifuani. Mtu wa dobi akadhani anasaidia, akatia jiki. Rangi nyingi za aina hii hazivumilii klorini, kwa hiyo kola zikapauka kwa mabaka huku michirizi ikibaki hafifu pale ilipokuwa. Fundi akaitwa. Alifumua kola zote 30 na mifuko yote, akashona upya kwa kitambaa cha bluu cha kawaida kwa gharama yake, na mashati tisa hayakuokoka.

Lililoniuma katika kisa hiki ni wepesi wa dawa yake. Leso moja ya wastani ina ukubwa wa mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na uzito wake ni kama gramu 200. Leso nne hazifiki hata kilo moja. Zote zingeingia kwenye sufuria moja ya lita 20, juu ya jiko moja, na kazi ingekwisha mchana mmoja.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Kwanza, jaribu kabla ya kununua kwa wingi. Usibebe korija nzima kwa sababu bei ni nzuri. Nunua doti moja ya toleo hilo, rudi nayo nyumbani. Kata kipande cha sentimeta 10 kwa 4. Kishonee juu ya kipande cha bafta nyeupe cha ukubwa huohuo, na upande wa pili ushonee kipande cha kitambaa kilekile cheupe utakachokitumia kwenye shati. Chukua chupa ya chai ya zamani, yenye mdomo mpana, ambayo haitarudi mezani tena. Changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na kikombe kimoja cha maji ya mtungini: unapata takriban nyuzijoto 60 bila kipimajoto. Tia sabuni ya unga kijiko kimoja cha chai, tumbukiza kipande, funga, tikisa kila baada ya dakika chache kwa nusu saa. Suuza, fumua, anika kila kipande peke yake kivulini. Kisha simama mlangoni penye mwanga wa mchana, weka cheupe kilichofuliwa kando ya cheupe ambacho hakijafuliwa. Usiangalie rangi ya maji, maji yanadanganya. Angalia kitambaa cheupe. Kama huwezi kuona tofauti bila kukazana, leso hiyo inafaa kukaa na nyeupe. Kama tofauti unaiona mara moja, bado ina rangi ya kutolewa.

Pili, itoe. Leso tano, yaani kama kilo moja, kwa lita 20 za maji. Nyekundu na nyeusi zisichanganywe na rangi nyepesi. Anza na maji baridi matupu, bila sabuni, mara mbili. Haya huondoa wanga wa kiwandani uliokamatia rangi nyingi, na yatatoka na rangi ya kutisha. Msitishike, hiyo ndiyo iliyotakiwa itoke. Kisha tia maji mengine, yapashe moto yakaribie kuchemka, tia sabuni ya unga vijiko viwili vya mezani, koroga kwa mti dakika kumi na tano. Mwaga. Rudia na maji mapya ya moto. Joto ndilo linalofanya kazi hapa. Sabuni inasaidia tu, na maji ya vuguvugu yatakuchosha bila kukufikisha. Kila awamu chota maji kwenye glasi uyatazame, na usihesabu kuwa umemaliza mpaka upate glasi mbili mfululizo zilizo karibu na nyeupe. Leso ya kawaida hufika hapo kwenye awamu ya tatu au ya nne ya moto. Malizia kwa maji baridi, kamua, na uianike wazi papo hapo, kivulini. Ukiiacha imekunjwa ikiwa mbichi hata saa moja, nyekundu itahamia kwenye nyeupe palepale kwenye mkunjo, na kazi yote imeharibika. Halafu rudia jaribio la chupa ya chai.

Faida ya pili ya kuchemsha ni kwamba leso inarudi kabla hujaikata. Pamba ya leso mpya hupungua, na upande wa urefu hupungua zaidi. Kola iliyokatwa kutoka leso ambayo haijarudi, ikashonwa kwenye shati la poliesta ambalo halirudi kabisa, itajikunja na kuvuta shingo baada ya kufuliwa mara ya kwanza, hata kama haikuchuja tone.

Njia hii ina mipaka, na nitaisema bila kuzunguka. Ukifika awamu ya sita ya moto na maji bado ni mekundu, acha. Hiyo si rangi ya kujifunga, ni rangi ya bei ya chini inayokaa kwenye pamba kwa kuegemea tu, na itaendelea kutoka mpaka leso ipauke. Wauzaji wa kemikali Mombasa wana dawa halisi ya kushikisha rangi za namna hiyo. Ina chaji chanya, inaikamata rangi ndani ya uzi, na haifanani kwa lolote na chumvi. Inasaidia leso ikifuliwa kwa maji baridi, lakini baadhi yake hufanya rangi ipauke haraka juani, na mtu wa ufukweni anaishi juani. Kwa oda ya hoteli mimi nisingeitegemea. Tumia leso hiyo kwa kitu kisichofuliwa na nyeupe, au usiinunue tena.

Kisha kuna leso ambayo maji yake ni safi tangu mwanzo, lakini ukiisugua kwa kitambaa cheupe kikavu inaacha alama. Hiyo imechapwa kwa rangi iliyogandishwa juu ya uzi kwa gundi, haikuingia ndani. Kuichemsha hakuiponyi, na kunaweza kuilegeza gundi. Haichuji, inasugulika. Kwa hiyo jaribio la kusugua lifanywe siku zote pamoja na la chupa: funga kitambaa cheupe kwenye kidole, sugua mara kumi kikavu, mara kumi kikiwa kimelowa. Leso inayosugulika haifai kola, haifai ndani ya mkanda, haifai mkoba utakaogusa gauni jeupe la mteja begani. Inafaa mto wa kiti, pazia, kitambaa cha ukutani.

Baada ya haya, mawazo ya biashara yenyewe naweza kuyapitia haraka, kwa sababu mengi yanajiamua.

Sare za shule: msijaribu kushona sare nzima kwa leso. Mtoto wa Msambweni anavaa sare siku tano, inafuliwa Jumamosi kwa sabuni ya kipande, kwenye beseni moja na hijabu nyeupe ya dadake. Leso haitafika muhula wa pili. Kitambaa cha mchanganyiko ndicho kinachofaa. Rangi ya poliesta imeingia ndani ya uzi kwa joto kubwa na haitoki kwenye beseni. Ukitaka kitambaa cha Kenya, kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kinafuma na kutia rangi hapa nchini. Kijaribuni kwa chupa ya chai kama kingine chochote. Nafasi ya leso shuleni ni mkoba wa vitabu, aproni ya watoto wa chekechea, vazi la ngoma za tamasha, mfuko wa juzuu wa madrasa. Na kwa bei hamtashinda maduka makubwa ya sare, basi shindaneni kwa pindo: acheni sentimeta nane za kuteremshia sketi na suruali, mzazi atawatafuta mwaka wa pili.

Sare za kazi: hapa ndipo penye pesa, na ndipo penye dobi kali. Kikoi ni salama zaidi kuliko leso kwa wahudumu, kwa sababu uzi wake hutiwa rangi kabla ya kufumwa, lakini mstari mwekundu ujaribiwe hata hivyo. Wa bwawa la kuogelea msiwape rangi ya kujifunga, klorini itaimaliza; nyeupe au poliesta. Wa jikoni wapeni pamba, kwa sababu poliesta ikishika moto huyeyukia ngozini. Mabaharia wa Shimoni na Wasini wanahitaji rangi inayostahimili jua, na jaribio lake ni kukata kipande, kukifunika nusu kwa kadibodi, na kukiacha juani wiki mbili. Aproni ya kiunoni ndiyo bidhaa bora ya kuanzia: haina kola, haina saizi, leso moja inatoa mbili zenye pindo pande tatu, na ikiharibika haikufilisi. Someni jina la leso kabla ya kukata, maana mhudumu atalibeba tumboni mbele ya wageni na wenyeji wanaolielewa. Na kwenye mkataba andikeni nyuzijoto za kufulia na "bila jiki".

Zawadi: mgeni hafui Diani, anafua kwao, kwa mashine, pamoja na nguo zake. Kwa hiyo kila kitu kinachofulika kiwe kimeshachemshwa, na kiwe na kitambulisho kilichoshonwa ndani: fua kwa maji baridi, peke yake mara ya kwanza. Vitambaa vya mezani, foronya na mikoba vinaendana na leso yoyote iliyofaulu majaribio yote mawili. Kaniki ni nzuri sana kwa macho na inasugulika vibaya. Itiwe bitana, isiguse kitu cheupe.

Bei nayo: hesabuni kuni au gesi, maji, sabuni na nusu siku ya mtu kwa kila korija, mgawe kwa vipande, mwongeze. Leso ya gharama ndogo iliyochemshwa awamu sita inaweza kukugharimu kuliko leso ghali iliyooshwa vizuri kiwandani, na hilo hulijui mpaka ufanye hesabu kwenye karatasi.

Na wewe ambaye sasa hivi una leso zimelala kwenye beseni la chumvi, usizitupe. Hazijaharibika, zimecheleweshwa tu. Mwaga maji hayo, suuza mara tatu kwa maji matupu ya mvua mpaka ladha ya chumvi iishe, kisha washa jiko uanze awamu ya kwanza ya moto. Kama umeshazikata na kuzishonea kwenye nyeupe, usiipige nguo pasi wala usiikunje. Fua nguo moja tu kwa maji baridi mengi na sabuni, uifikiche mkononi bila kuiacha majini, na uitundike ikiwa imetandazwa. Ikichuja, fumua hizo nyingine leo, kabla hazijatoka nyumbani kwako.